Kumweleza rafiki wa barua kwa nini umekubali kubadilishana ngome

Katika mchezo wa sataranji kwa barua, hatua yenyewe inatosha mstari mmoja. Sehemu iliyobaki ya karatasi ni yako, na marafiki wengi hupenda kuijaza kwa maelezo: nilifikiria hivi, nikaacha vile, nikachagua hiki. Tatizo ni kwamba unayemweleza ndiye anayetafuta namna ya kukushinda. Ukiandika ovyo unampa ramani. Ukificha kila kitu, barua inakuwa risiti. Hapa nitaonyesha njia ninayoiona bora, kwa kutumia hatua moja tu tangu kuipima hadi kuiandikia barua.

Chagua hatua inayoweza kuelezwa

Usieleze kila hatua. Kipimo changu ni hiki: je, sababu yangu itabaki na nguvu hata mwenzangu akiijua yote? Kama natumaini tu kwamba hataona jambo fulani, basi hiyo si sababu, ni mtego, na mtego hauandikiwi barua kabla haujafyatuka. Mweleze hatua mbili au tatu baadaye, mambo yakishajulikana. Lakini kama umehesabu njia zote alizonazo na zote zinaishia pale unapotaka, mweleze leo leo. Hakuna utakachopoteza, na yeye atapata nafasi ya kukagua hesabu yako, jambo ambalo ndilo tamu ya mchezo huu.

Kubadilishana vipande vikubwa na kubaki na wafalme na askari ni mfano mzuri wa hatua ya aina hiyo. Ngome zikiwa bado ubaoni, kuna vichochoro vingi mno, na maelezo yako yatakuwa makisio. Zikiondoka, mambo yanageuka kuwa ya kuhesabu hatua za mfalme, na hesabu ama ni sahihi ama si sahihi.

Panga ubao mbili

Ubao mmoja ubaki na mchezo ulivyo. Wa pili ni wa kujaribia. Anayejaribia kwenye ubao wa mchezo wenyewe husahau kumrudisha askari mmoja mahali pake, kisha anatuma hatua ya mchezo ambao haupo. Kwa hiyo kabla ya kufunga bahasha, ondoa vipande vyote na ucheze upya kutoka hatua ya kwanza kwa kufuata daftari lako. Ukifika kwenye hatua ya mwisho na ubao haufanani na ule uliokuwa ukiutazama wiki nzima, umejiokoa.

Ubao wetu wa mfano, weupe wakiwa na zamu ya hatua ya 39, uko hivi. Weupe: mfalme e3, ngome d1, askari a4, f2, g3 na h4. Weusi: mfalme d6, ngome d5, askari f7, g6 na h5. Ngome nyeupe ilikuwa imetoa shaha kutoka d1, na mweusi akaziba njia kwa kuileta ngome yake kutoka a5. Weupe wamezidi askari mmoja tu, lakini ni askari wa maana: yule wa a4 hana askari adui mbele yake wala pembeni. Ni askari huru, tena yuko mbali na kundi la upande wa pili.

Pima angalau hatua mbili, si ile unayoipenda tu

Maelezo yasiyotaja hatua iliyoachwa hayaelezi chochote. Hapa zinazostahili kuangaliwa ni mbili. Ya kwanza ni kula ngome, Rxd5+, mfalme mweusi aile ya kwangu, tubaki na askari. Ya pili ni kuirudisha ngome a1, nyuma ya askari huru, ili imsukume kutoka nyuma.

Hiyo ya pili si mbaya hata kidogo. Katika mchezo wa 34 wa ubingwa wa dunia, Buenos Aires mwaka 1927, Alekhine alikuwa na ngome nyuma ya askari wake wa a, akamshinda Capablanca. Lakini mchezo ulifika hatua ya 82. (Capablanca hakurudi kuumalizia; alikubali kushindwa kwa barua, jambo ambalo sisi wa bahasha tuna haki ya kulifurahia.) Mbele ya ubao, hatua 40 za ziada ni usiku mmoja mrefu. Kwa posta, barua ikichukua wiki mbili kwenda na wiki mbili kurudi, hatua 40 ni zaidi ya miaka 3, na katika kila moja ya hizo unaweza kukosea. Njia fupi inayohesabika ina thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwa wachezaji wanaokaa meza moja.

Sasa hesabu yenyewe. Baada ya 39.Rxd5+ Kxd5, weupe wanacheza 40.Kd3, na mfalme huyo anafunga miraba ya c4, d4 na e4 kwa mpigo mmoja. Mfalme mweusi ana barabara mbili. Akimfuata askari wa a, atatumia hatua tatu kumla: c5, b4, a4. Wakati huo mfalme mweupe anapita katikati kwenda kwa askari weusi watatu ambao wameachwa bila mlinzi. Akiamua badala yake kubaki upande wa pili, askari wa a anaondoka kwenda kuwa malkia.

Hapo wengi huridhika na kuacha kuhesabu. Usiache. Tafuta jibu lake lenye shaha, kwa sababu shaha ndiyo inayovunja hesabu: haingoji zamu. Katika njia ya 40...Kc5 41.Ke4, mweusi anaweza kusukuma askari 41...f5+, na mfalme mweupe lazima asogee. Je, hilo linampotezea muda? Hapana, kwa bahati anasogea kule kule alikokuwa akienda, 42.Ke5. Lakini usingelijua bila kuangalia, na barua isiyoitaja shaha hiyo ingemfanya rafiki yako aandike kwa furaha: "Na f5 je?"

Mwisho, jiulize ni kitu gani kingekufanya ubadili mawazo. Hapa ni askari wa f, g na h. Kama wangekuwa wamekwisha kuliwa pande zote mbili na kubaki yule wa a peke yake, kubadilishana ngome kungekuwa kutupa ushindi: mfalme mweusi angekimbilia pembe ya a8, na kutoka hapo hakuna anayemtoa. Mchezo ungekuwa sare. Sentensi moja ya namna hiyo inamwonyesha msomaji kwamba umeuelewa ubao, hukukariri kanuni.

Andika hatua mahali pake, mbali na maelezo

Weka hatua juu kabisa, peke yake, kwenye mistari yake. Rudia kwanza hatua yake ya mwisho ili ajue uliisoma sawasawa, kisha yako. Ukitumia herufi, tumia zile za kimataifa alizozizoea, na jihadhari na N: wewe unaweza kuiandika ukimaanisha ngome, yeye akasoma farasi.

Dawa ya utata huo ni kuongeza tarakimu zinazotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji ya Barua, ICCF. Safu za a hadi h huhesabiwa 1 hadi 8, kwa hiyo d1 ni 41 na d5 ni 45. Ngome kutoka d1 kwenda d5 ni 4145, basi. Ipe 7 yako mkato katikati isifanane na 1.

Chini yake andika tarehe uliyopokea barua na tarehe unayojibu. Mashindano ya kimataifa ya posta kwa desturi yalitoa siku 30 za kufikiri kwa kila hatua 10, na siku ambazo barua iko njiani hazikuhesabiwa. Hata kama nyinyi wawili hamna saa, tarehe huondoa ubishi wa nani kachelewa.

Kisha, kama jibu lake ni la lazima, ongeza hatua ya masharti: "Ikiwa 39...Kxd5, basi 40.Kd3." Umeokoa safari nzima ya posta. Ila masharti ni deni. Akicheza hiyo hiyo uliyoitaja, huwezi kubadilisha. Na usiandike kamwe "kwa jibu lolote, 40.Kd3." Mweusi akijibu 39...Ke6, mfalme wake anaigusa ngome yako iliyoko d5, na wewe tayari umeapa kusogeza mfalme badala ya kuiondoa. Umezidi ngome nzima, kisha unaitoa zawadi.

Barua yenyewe

Baada ya hapo, andika kama unavyozungumza naye. Hii ni barua ya mchezo wetu wa mfano:

> 38...Rd5 (1545)
> 39.Rxd5+ (4145)
> Ikiwa 39...Kxd5 (4645), basi 40.Kd3 (5343)
>
> Rafiki yangu mpendwa,
>
> Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, nami huku sijambo.
>
> Najua ukiona nimekula ngome utasema nimekurahisishia kazi, maana mfalme wako anaruka katikati ya ubao bila kuombwa. Hata mimi jambo hilo lilinikwaza. Kwa siku kadhaa niliiacha ngome yangu a1 kwenye ubao wa kujaribia, nyuma ya askari wangu, na nadhani ingenipa nafasi nzuri pia. Lakini wewe ungeirudisha yako a5, tungeanza kuzungukana, na mimi na wewe tunajua hatua zako za kuzungukana zilivyo na subira.
>
> Ngome zikiondoka, kuna swali moja tu: mfalme wako anaweza kuwa sehemu mbili? Ukija kumfuata askari wangu, naona hivi: 40...Kc5 41.Ke4 Kb4 42.Ke5 Kxa4 43.Kf6. Sasa uko a4 na mimi niko mlangoni kwa askari wako. 43...Kb5 44.Kxf7 Kc5 45.Kxg6 Kd6 46.Kxh5. Wewe umekula mmoja, mimi nimekula watatu, na wangu watatu wa upande huo hakuna aliyeguswa. Ukichelewesha kidogo kwa 41...f5+ najibu 42.Ke5 na safari inaendelea: 42...Kb4 43.Kf6 Kxa4 44.Kxg6. Ukimsukuma tena 44...f4, namla kwa askari wa g, na yule wa h5 hana pa kwenda.
>
> Ukiamua kubaki upande wa askari wako, tuseme 40...Ke5, nasukuma 41.a5. Hapo nakuomba uhesabu nami. Askari wangu amebakiza hatua tatu. Ukigeuka mara moja kwa 41...Kd6 unamfikia, lakini umerudi kule kule na mimi nashika njia ya katikati. Usipogeuka, 41...Kf5 42.a6 Kg4 43.a7 Kf3, naingia a8 na kupata malkia, tena malkia huyo anakupa shaha papo hapo, kwa sababu a8 na f3 ziko kwenye mshazari mmoja. Hata ukimla askari wangu wa f2, umechelewa.
>
> Sehemu niliyoitilia shaka zaidi ni kama utakaa d5 na kunisukumia askari, 40...f6 au 40...g5. Kwa f6 nacheza 41.a5 na lazima umfuate: 41...Kc5 42.Ke4 Kb5 43.Kd5 Kxa5 44.Ke6, na hadithi ni ile ile. Kwa g5 nakula tu, na ukimsogeza wa h mbele namla pia. Ukiona kitu nilichokiruka hapo, niandikie, hata kama ni baada ya mchezo.
>
> Jambo moja zaidi. Ungenipa nafasi hii ubadilishaji wa askari wa upande wa kulia ukiwa umekwisha kufanyika, nisingekula ngome. Askari wa a peke yake asingenisaidia; ungejificha a8 na tungegawana pointi. Kwa hiyo kilichoniamulia si yule askari wa a, ni wale watatu wako. Yeye ni wa kukuita tu.
>
> Nasubiri jibu lako kwa hamu.
>
> Wako,

Kwa nini barua hiyo imekaa hivyo

Angalia kwamba njia ndefu zimeandikwa mbili au tatu tu, na kila moja inaishia mahali ambapo macho ya kawaida yanaona nani ameshinda. Ukiandika njia kumi na mbili zenye mabano ndani ya mabano, rafiki yako ataacha kuzipanga ubaoni baada ya ya tatu, na wewe mwenyewe utakosea herufi katika ya saba. Njia moja ikiisha pasipo na jibu wazi, hiyo ni dalili kwamba hukumaliza kuhesabu; rudi kwenye ubao.

Angalia pia kwamba barua imetaja mahali pa shaka. Hilo si unyenyekevu wa bure. Unapolazimika kuandika "nilitilia shaka hapa," unalazimika kwenda kuangalia hapo, na mara nyingi ndipo kosa lilipojificha. Mimi huandika aya hiyo kwanza, kabla ya salamu.

Ambacho barua haikufanya ni kumshauri acheze nini. Kuonyesha kwamba kila barabara inaishia pabaya ni sawa. Kumwambia ipi itamchelewesha zaidi ni kumchezea mchezo wake. Na kama mmekubaliana tangu mwanzo kutosema lolote la mbele hadi mchezo uishe, tia maelezo kwenye bahasha ndogo iliyofungwa, uandike juu yake "baada ya hatua ya mwisho," uitie ndani ya ile kubwa. Inategemea uaminifu, lakini mchezo mzima wa barua unategemea huo huo.

Jibu likirudi

Soma mistari ya juu kabla ya barua. Kama ameandika "39...Kxd5 40.Kd3" kisha hatua yake ya 40, masharti yamekubaliwa, cheza hatua zote tatu kwa pamoja na uziandike daftarini. Kama ameandika 39...Kxd5 tu, bila kurudia 40.Kd3 wala kuongeza hatua yake, usidhani lolote: rudia hatua ya 40 kwenye kadi yako inayofuata na umwombe ajibu. Kama hatua yake haiwezekani kwenye ubao wako, kwa mfano farasi anayetoka mraba usio na farasi, usimsahihishie kwa kukisia alichomaanisha. Mrudishie orodha ya hatua zote mlizocheza na umwombe aihakikishe. Huenda ubao wake na wako vimeachana hatua nyingi nyuma.

Na akikubali kushindwa kwenye barua hiyo hiyo, kama inavyotokea mara nyingi baada ya maelezo yaliyo wazi, hapo ndipo unaweza kumwandikia na yale mengine uliyokuwa umeyazuia tangu hatua ya 20.